Kwa nini mafua hubana uso: tundu dogo lililo juu ya sainasi ya shavu

Mtu mwenye mafua ya siku ya nne, shavu linamuuma, meno ya juu yanamsumbua na akiinama kufunga kamba za viatu anahisi uso unataka kudondoka, kwa kawaida huamini kuwa ndani ya uso wake kumejaa usaha. Mara nyingi hakuna usaha wowote. Kilichopo ni uwazi wa mfupa ambao tundu lake limezibwa, hewa iliyobaki ndani ikipungua kidogo kidogo, na utando uliovimba ukivutwa na upungufu huo. Hali hiyo ina tofauti kubwa na jipu. Ukiielewa, utajua kwa nini dawa ambazo watu hukimbilia kununua siku ya nne huwa hazifanyi kazi waliyoitarajia.

Sainasi ni nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Zipo jozi nne. Jozi moja iko kwenye paji la uso, juu ya nyusi. Nyingine iko katikati ya macho, nayo si nafasi moja bali ni vijichumba vingi vidogo vilivyopakana. Ya tatu imejificha nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Ya nne ni ya mashavuni, kila upande wa pua, chini ya jicho na juu ya mizizi ya meno. Zote zimefunikwa kwa ndani na utando laini ulioungana na ule wa puani, na zote humwaga ute wake puani. Hapa nitashughulika zaidi na ile ya shavu, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote, ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na jinsi ilivyoumbwa inashangaza.

Kwa mtu mzima sainasi moja ya shavu ina ujazo wa mililita 15 hivi, yaani kijiko kimoja cha kulia chakula kilichojaa. Sakafu yake hushuka mpaka karibu na mizizi ya magego ya juu, na kwa watu wengi iko chini kidogo kuliko sakafu ya pua. Kwa hiyo mtu angetegemea tundu la kutolea ute liwe chini. Haliko chini. Liko juu, karibu na dari ya sainasi, kwenye ukuta unaopakana na pua, na upana wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu. Fikiria simtanki ambalo fundi ameweka koki ya kutolea maji karibu na mfuniko: ukilitegemea litoe maji lenyewe, utangoja mpaka lijae.

Wapo wataalamu wanaodhani muundo huu una maana zaidi kwa mnyama anayetembea kwa miguu minne, kwa kuwa kichwa kikielekea chini tundu hilo huja mbele na ute hupata mteremko. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Jambo lililo wazi ni kwamba binadamu aliyesimama wima au kuketi hawezi kutegemea uzito wa ute uushushe nje. Lazima upandishwe.

Kuna jambo la pili kuhusu tundu hilo ambalo ni muhimu vilevile. Halifunguki moja kwa moja kwenye uwazi mpana wa pua. Linafungukia kwanza ndani ya mfereji mwembamba uliobanwa kati ya vipande vya mfupa vyembamba mno, kisha mfereji huo ndio unaofunguka puani, chini ya mkunjo wa kati miongoni mwa mikunjo mitatu iliyoning'inia kwenye ukuta wa kila upande wa pua. Na eneo hilo hilo dogo ndilo linalopokea ute wa sainasi ya paji na wa vijichumba vya mbele vya katikati ya macho. Kwa maneno mengine, sainasi tatu za upande mmoja wa uso zinategemea njia yenye upana wa milimita chache. Utando wa pande mbili za mfereji ukivimba kidogo tu hugusana, na njia inafungwa. Sainasi ya nyuma kabisa na vijichumba vya nyuma vina mlango wao mwingine, ndiyo maana mafua ya kawaida huwabana watu shavuni na kwenye paji zaidi kuliko utosini.

Basi ute hupandaje? Kazi hiyo hufanywa na vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoota juu ya seli za utando. Seli moja inaweza kuwa navyo hadi 200 hivi. Hupiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde, vyote kwa mpangilio, vikienda mbele kwa nguvu na kurudi nyuma kwa ulegevu. Juu yao ute umekaa kwa tabaka mbili. Tabaka la chini ni jepesi, karibu maji, na ndani yake vijinywele vinapata nafasi ya kujongea. Tabaka la juu ni zito na linanata, na ndilo linalonasa vumbi, moshi na vijidudu. Ncha za vijinywele hugusa tabaka hilo zito kutokea chini na kulisogeza milimita chache kila dakika. Katika sainasi yenye afya ute wa ndani hubadilishwa wote kwa muda wa nusu saa hivi, na mwenye pua hana habari. Ukifika puani unasukumwa nyuma hadi kooni, nasi tunaumeza bila kujua.

Mwelekeo wa safari hiyo haubahatishwi. Ute huanza sakafuni mwa sainasi, hupanda kuta zote, huzunguka dari na kukutana kwenye tundu la asili. Mtaalamu wa Austria, Walter Messerklinger, aliyefanya kazi katika mji wa Graz, ndiye aliyeifuatilia njia hii kwa subira, na matokeo ya kazi yake yaligeuza upasuaji wa pua. Kabla yake, tangu mwisho wa karne ya 19, madaktari walikuwa wakitumia upasuaji uitwao Caldwell-Luc. Walipita juu ya fizi, wakaisafisha sainasi, kisha wakatoboa tundu jipya chini, karibu na sakafu ya pua, wakiamini kwamba ute sasa utateremka. Hoja hiyo inaingia akilini. Lakini vijinywele havikuijali. Viliendelea kuupeleka ute juu, kulipita tundu jipya kandokando, mpaka kwenye tundu lile la zamani. Kama la zamani limeziba, mgonjwa aliendelea kuumwa huku ana tundu zuri jipya lisilotumika. Ndiyo maana leo daktari wa pua anayefanya upasuaji wa sainasi kwa kamera nyembamba hushughulika kwanza na mlango wa asili na mfereji wake.

Kufikia hapo tumepata mambo mawili ambayo sainasi haiwezi kuishi bila hayo: mfereji ulio wazi na vijinywele vinavyopiga. Mafua huyashambulia yote mawili kwa pamoja.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Ana kibanda cha mitumba pale Kilombero, Arusha. Ni mwezi wa Juni, baridi ya asubuhi ni kali, madirisha ya daladala yamefungwa na kila mtu anakohoa. Jumatatu koo linamwasha. Jumanne pua inatiririka maji mepesi na anapiga chafya. Virusi vya mafua, mara nyingi vya jamii ya rinovirusi, vimekwisha kuingia kwenye seli za pua. Hapo mwili wake unajibu. Mishipa midogo ya damu kwenye utando inatanuka na kuvujisha maji, utando unavimba, tezi zinatoa ute mwingi. Ile mikunjo ya puani, iliyojaa mishipa ya damu, inafura, na ndiyo inayomfanya apumue kwa mdomo usiku. Lakini uvimbe ule ule, hata ukiwa wa milimita moja tu, ukitokea ndani ya mfereji wa sainasi unatosha kuufunga.

Wakati huohuo vijinywele vinapungukiwa. Baadhi ya seli zilizoambukizwa hubanduka, nyingine hupoteza vijinywele vyake, na ute ulioongezeka na kuwa mzito unavielemea vilivyobaki. Hata virusi vikishaondoka, vijinywele huchukua kama wiki 3 kurudi katika hali yake. Kama mama huyu anapikia kuni au mkaa ndani, au anashinda akifungua mabelo yenye vumbi, vijinywele vyake vilikuwa vinafanya kazi kwa shida hata kabla ya Jumatatu.

Je, hali hii hutokea kwa wachache wenye bahati mbaya? Hapana, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Mwaka 1994 Jack Gwaltney na wenzake nchini Marekani waliwapiga picha za CT vijana 31 waliokuwa na mafua ya kawaida ya siku chache. Asilimia 87 kati yao walionekana na mabadiliko kwenye sainasi za mashavu, na asilimia 77 mfereji wao ulikuwa umeziba. Hawakuwa wagonjwa wa sainasi, walikuwa watu wenye mafua. Baadhi yao walipigwa picha tena baada ya wiki mbili hivi bila kupewa antibayotiki, na wengi wao sainasi zilikuwa zimesafika au zimekaribia kusafika. Kwa hiyo mafua na sainasi si magonjwa mawili ambayo moja humfuata mwenzake. Kwa watu wengi sainasi inaingia kwenye mafua tangu mwanzo, na hutoka nayo pamoja.

Sasa tuje kwenye maumivu. Mfereji ukishafungwa, hewa iliyobaki ndani ya sainasi haikai kama ilivyo. Utando una damu nyingi, na damu hiyo hunyonya oksijeni ya hewa iliyofungiwa. Kaboni dayoksaidi inatoka kwenye damu na kuingia ndani, lakini haitoshi kujaza nafasi ya oksijeni iliyoondoka. Matokeo yake ni kwamba mgandamizo wa hewa ndani ya sainasi unashuka chini ya ule wa nje. Mfupa haukunjiki, hivyo kitu pekee kinachoweza kusogea ni utando. Unavutwa kuelekea ndani, mishipa yake inajaa damu, na majimaji yanaanza kuchuruzika kutoka kwenye utando kwenda kwenye nafasi iliyo tupu. Kwa hiyo ule mbano ambao mtu huueleza kuwa uso unasukumwa kwa ndani, mara nyingi mwanzoni ni mvuto. Mgandamizo wa kusukuma nje huja baadaye, na kwa wachache, pale majimaji au usaha unapojaza nafasi yote.

Mvuto peke yake haumalizi maelezo. Utando uliovimba pia hutoa kemikali za uvimbe, bradikinini ikiwa mojawapo, ambazo huzifanya neva ziwe nyepesi kuuma. Neva zinazohusika ni matawi ya neva ya tano ya kichwa. Tawi la kati la neva hiyo huhudumia shavu, na vijitawi vyake viendavyo kwenye meno ya juu hupita ndani ya ukuta wa sainasi, vikitenganishwa na utando na mfupa mwembamba sana. Ndiyo maana mama wetu siku ya nne anaweza kuapa kwamba magego matatu yameharibika kwa pamoja. Ukigonga meno hayo moja moja, maumivu huwa ya kufanana kwenye meno kadhaa ya upande ule. Kama ni jino moja linaloruka, tafuta sababu kwenye jino hilo. Akiinama, damu ya mishipa inajaa zaidi kichwani, utando unafura na maumivu yanaongezeka. Akilala ubavu, upande mzito ukiwa juu, tundu linakuwa mahali pa chini na ute unaweza kuanza kutiririka. Wengi hugundua hili wenyewe usiku bila kujua sababu.

Ijumaa mama huyu anapanda Coaster kwenda Moshi kuchagua mzigo soko la Memorial. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni kama 850. Barabara ni kilomita 80 hivi, na sehemu kubwa ya mteremko inakuwa imekwisha mkifika njia panda ya KIA. Kadiri mnavyoshuka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi. Kwa Arusha mgandamizo wa hewa ni takriban hektopaskali 856, kwa Moshi 915. Ukipiga hesabu kwa sainasi ya mililita 15, hewa iliyokuwa imejaza nafasi hiyo Arusha inataka kukaa kwenye mililita 14 tu ikifika Moshi. Kwa mtu mzima wa afya, hewa ya karibu mililita 1 inaingia kupitia tundu bila yeye kujua, pengine akiwa anapiga soga. Kwa mama wetu tundu limefungwa. Mililita hiyo moja haina pa kuingilia, hivyo nafasi yake inadaiwa kwenye utando: unavimba, unavuja maji, na wakati mwingine mshipa mdogo hupasuka akaona doa la damu kwenye kitambaa. Akiwa Usa River anahisi shavu zito. Akikaribia Boma Ng'ombe anajishika uso.

Kurudi Arusha jioni huwa ni nafuu zaidi, na hilo nalo lina sababu. Wakati wa kupanda, hewa iliyo ndani inatanuka na kusukuma njia kutokea ndani, na uvimbe ulio mlangoni hupisha kwa urahisi zaidi kuliko unavyopisha kitu kinachovutwa kuingia. Kanuni hiyohiyo huwatesa wapagazi na wageni wanaoteremka Kilimanjaro wakiwa na mafua, kwa sababu pale kileleni, mita 5,895, hewa ni nyepesi karibu nusu ya ile ya pwani, na ndani ya siku moja au mbili wanaikuta tena ikiwa nzito. Ndivyo ilivyo pia kwa abiria wa ndege: huumia inapotua kuliko inapopaa.

Turudi Kilombero. Jumamosi, siku ya sita, kamasi zimekuwa za njano zinazoelekea kijani. Mama anapita duka la dawa.

"Kaka, naomba ampiklox. Hii sainasi imeshakuwa usaha, ona mwenyewe."

"Pole sana mama. Homa unayo?"

"Sina. Kichwa tu na shavu hili. Ila jana nilikuwa hoi zaidi."

Kama muuzaji anaijua kazi yake, jibu hilo la mwisho ndilo la kuzingatia. Rangi ya kamasi haithibitishi bakteria. Chembe nyeupe za damu zinazokwenda kupambana na virusi hubeba kimeng'enya chenye rangi ya kijani, na zikikusanyika kwa wingi na kufa ndani ya ute hutoa rangi hiyo. Mafua ya virusi tupu hupitia hatua hii kwa kawaida, kutoka maji mepesi hadi uzito na rangi, kisha kurudi. Kinachotofautisha ni mwendo wa ugonjwa. Mafua hufika kilele siku ya pili au ya tatu, halafu hupungua, hata kama mabaki yake yanaburuta hadi siku ya kumi na zaidi. Mtu aliyekuwa hoi jana na leo ana nafuu yuko njia ya kupona.

Bakteria hushukiwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni dalili kupita siku 10 bila nafuu yoyote. Ya pili, ambayo naiona ndiyo yenye kueleza zaidi, ni kupata nafuu kisha kuzidiwa upya: siku ya tano mtu yuko vizuri, siku ya saba homa inapanda, shavu la upande mmoja linauma kupita mwanzo na uchafu mzito unatoka. Ya tatu ni kuanza kwa ukali, homa ya nyuzi 39 au zaidi pamoja na usaha na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo tangu mwanzo. Kwa watu wazima, mafua yanayoishia kwenye maambukizi ya bakteria ni kama asilimia 2 au pungufu. Njia yake ni ileile: ute uliotuama, oksijeni iliyopungua, vijinywele visivyopiga, na bakteria waliokuwa wakiishi puani kwa amani wanapata mahali pa kuzaliana. Hapo antibayotiki ina kazi, na amoksilini kwa kawaida ndiyo ya kuanzia, kwa dozi anayoipanga mtaalamu. Mama wetu hayuko kwenye namna yoyote ya hizo tatu. Ampiklox haifungui mfereji, haipunguzi uvimbe wa virusi, wala haioteshi vijinywele. Na kwa Moshi, hasa kule chini kwenye mashamba ya mpunga, mwenye homa na kichwa apimwe malaria kwanza kabla ya kuilaumu sainasi.

Kinachoweza kumsaidia ni kile kinachogusa mojawapo ya yale mambo mawili. Matone au dawa ya kupuliza puani ya ksailometazolini au oksimetazolini hubana mishipa ya damu na kupunguza uvimbe kwa dakika chache. Kabla ya safari ya kuteremka, kuitumia kama nusu saa mapema kuna maana. Lakini isipite siku tatu, ikizidi sana tano. Ikiendelea, mishipa huizoea, na kila ikiisha nguvu pua huziba zaidi ya mwanzo, mpaka mtu anatembea na kichupa mfukoni mwezi mzima akidhani bado ana mafua.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunapunguza ute mzito na kuondoa kemikali za uvimbe puani. Hakuingizi maji kwenye sainasi iliyofungwa, ila husafisha mlango wake. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya mililita 250 hivi inatosha. Maji yawe yamechemshwa kisha yakapoa hadi uvuguvugu, hata kama ya bomba yanaonekana masafi na watu wanayanywa. Sababu ni kwamba ipo amiba iitwayo Naegleria fowleri, adimu lakini ya kuua, ambayo ikimezwa haina madhara na ikiingia puani hupanda hadi kwenye ubongo.

Kujifukiza je? Bibi atakwambia majani ya mkaratusi, mchaichai na limao, ufunikwe shuka mpaka utoe jasho. Mvuke unalainisha ute na harufu ya mkaratusi inakufanya uhisi pua imefunguka, na mgonjwa akisikia raha si jambo dogo. Ila tafiti hazijaonyesha kwamba unaharakisha kupona, na harufu ile inabadilisha hisia ya kupumua zaidi kuliko upana wa njia. Anayetaka ajifukize kwa uangalifu. Mtoto asiwekwe chini ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka, kwa kuwa ajali za kuungua hapo ni halisi kuliko faida.

Na kupenga kamasi. Mwaka 2000 kundi lilelile la Gwaltney lilipima nguvu ya kupenga, kukohoa na kupiga chafya. Kupenga kulitoa mgandamizo wa zaidi ya milimita 60 za zebaki, karibu mara 10 ya chafya au kikohozi, na rangi waliyoiweka nyuma ya pua ilionekana imeingia ndani ya sainasi baada ya kupenga. Kupenga kwa nguvu pande zote mbili kwa pamoja kunaweza kuwa ndiko kunakopeleka uchafu wa pua mahali ambapo haukuwa. Penga upande mmoja mmoja, taratibu.

Kuna watu ambao maelezo yote haya hayawahusu ingawa wanajiita wagonjwa wa sainasi kwa miaka. Maumivu yao huja bila mafua, hukaa saa kadhaa hadi siku mbili tatu, huongezeka kwenye mwanga au kelele, huleta kichefuchefu, na pua inaweza hata kutoa maji kidogo na kuziba. Hicho mara nyingi ni kipandauso. Neva ileile ya tano inahusika, ndiyo sababu mahali panapouma ni palepale na hata pua inashiriki. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, watu 2,991 waliojieleza au kuelezwa kuwa na kichwa cha sainasi walichunguzwa, na asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Mtu huyo anaweza kumaliza dozi kumi za antibayotiki na kila moja "ikamponya", kwa kuwa kipandauso hupoa chenyewe. Kundi jingine ni la wenye uchafu unaonuka vibaya kutoka tundu moja tu la pua kwa wiki nyingi. Hapo gego la juu lililooza ndilo la kutazamwa, kwa kuwa mzizi wake unaweza kupenyeza maambukizi moja kwa moja kwenye sakafu ya sainasi, na hakuna dawa ya pua itakayomaliza tatizo mpaka jino lishughulikiwe.

Mifupa inayoitenga sainasi na jicho au ubongo ni myembamba, ya vijichumba vya kati kuliko yote. Kope likivimba na kuwa jekundu, jicho likitokeza au kuona viwili viwili, paji likifura uvimbe laini, shingo ikikakamaa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, hilo si suala la duka la dawa wala la kungoja siku ya kumi. Ni la hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, siku hiyohiyo, na hata usiku. Watoto hupatwa na uvimbe wa jicho zaidi ya watu wazima, na mara nyingi huanza asubuhi kwa kope lililofumba upande mmoja ambalo mzazi anadhani ni kuumwa na mdudu.